Kuipata volteji sahihi ya tyubu ya gesi: kupanda kutoka chemba ya ayoni mpaka Geiger, na kujua pa kusimama

Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa tatu kaniletea kaunta ya Geiger hapa maabara Dodoma, kaibeba kama mtoto mgonjwa. "Shikamoo mwalimu, hii mashine ilikuwa inapiga vizuri tu, nikaiongezea volti ipate nguvu, sasa inahesabu hata chanzo cha mionzi kikiwa kabatini." Nikaangalia nobu, 1,050. Tyubu hiyo inafanyia kazi 800. Nikaizima hapo hapo kabla hata sijaitikia marahaba.

Kosa lake ni la wengi, anadhani volteji ni kama sauti ya redio, ukiongeza unasikia zaidi. Sivyo. Kopo la gesi lenye waya katikati ni lile lile, ila volteji ndo inaamua likuambie nini. Chini kabisa linakudanganya, ukipanda linakupa mkondo, ukipanda tena linakuambia kila chembe imeacha nishati kiasi gani, juu zaidi linakuambia tu "kimepita kitu", na ukizidisha linaanza kuongea peke yake. Nitapanda nawe taratibu, ila muda mrefu tutakaa kwa Geiger maana ndiyo iliyopo kwenye maabara nyingi.

Kabla ya kugusa nobu: hesabu ya umeme uliomo

Chukua chembe ya alfa ya amerisiamu 241, ina elektroni-volti milioni 5.49. Kwenye hewa kutengeneza jozi moja, yaani elektroni na ayoni yake, inagharimu kama elektroni-volti 34, kwa hiyo alfa ikiishia yote humo ndani inaacha jozi kama 161,000. Ukisikia inaonekana nyingi, lakini ukizidisha na chaji ya elektroni unapata kulombu 2.6 × 10⁻¹⁴. Waya na kebo vikiwa na kapasitansi ya pikofaradi 20, mpigo wake ni millivolti 1.3 hivi. Sasa beta ni maskini zaidi, ikikatiza sentimita moja ya argoni yenye presha ya kawaida inaacha jozi kama 100 tu, huo mpigo ni chini ya mikrovolti moja, kaunta ya kawaida haiwezi kuuona hata uisukume vipi.

Shika hizo namba mbili, millivolti moja na mikrovolti moja. Karibu kila kitu kinachofuata kinatokea kwa sababu yake.

Hatua ya kwanza: chemba ya ayoni, na jinsi ya kujua imeshiba

Anza na volteji ndogo, volti 10 au 20. Hapo elektroni na ayoni zinatembea kivivu, nyingine zinakutana njiani na kurudiana kabla hazijafika, kwa hiyo unachosoma ni pungufu na hujui pungufu kwa kiasi gani. Hili eneo halina matumizi, lipite.

Ukiendelea kuongeza, mkondo unapanda halafu unalala. Hapo kila jozi iliyozaliwa imekusanywa na hakuna iliyoongezwa, ndo tunasema imeshiba. Kwa kuwa mpigo mmoja mmoja ni mdogo mno, hapa hatuhesabu, tunapima mkondo wa wote kwa pamoja kwa kutumia elektromita. Sisi tuna chemba kubwa ya hewa yenye sahani ya amerisiamu inayotoa alfa 37,000 kwa sekunde. Nusu ya alfa zinaelekea juu kwenye gesi, nusu zinazama kwenye sahani, kwa hiyo 18,500 mara 2.6 × 10⁻¹⁴ unapata kama pikoampia 480. Tulipopima tukapata 452 kwenye volti 300, hizo zilizopungua ni alfa zinazotoka kwa ubavu na kuacha sehemu ya nishati yake kwenye sahani yenyewe, ni kawaida.

Kujua kama imeshiba huhitaji grafu nzima, punguza volteji iwe nusu usome tena. Kwenye 150 tulisoma 449, tofauti haifiki asilimia moja, basi imeshiba. Kwenye volti 30 ikasoma 371, hapo unaona kabisa watu wanarudiana njiani. Kama nusu ya volteji inakubadilishia kwa asilimia tano, ongeza volteji, au ujue mionzi ni mingi kuliko chemba inavyoweza kuikusanya.

Sasa jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya pwani havikukumbushi. Chemba nyingi za kupimia gama ziko wazi kwa hewa ya nje, na Dodoma tuko mita kama 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, presha inacheza karibu kilopaskali 89 badala ya 101.325. Hewa kidogo ndani ya chemba maana yake gama inapata cha kugonga kidogo, kwa hiyo mita inasoma chini ya ukweli. Marekebisho ni haya, kwa chemba iliyopimishwa kwa nyuzi 20:

```
k = ((273.15 + T) / 293.15) * (101.325 / P)
T = 28, P = 89.0  ->  k = 1.17
```

Yaani mita ikisoma 10.0, ukweli ni 11.7. Asilimia 17 si ya kupuuza. Na hapa ndo watu wanaangukia: wanafungua simu, wanachukua presha ya utabiri wa hali ya hewa, inaandika hektopaskali 1,015, wanaiingiza humo wanapata k ya 1.03 na wanafurahi. Ile ya utabiri imesharudishwa usawa wa bahari, siyo hewa iliyopo juu ya meza yako. Unataka barometa iliyopo chumbani, ikusomee 890 na ushee. Ukiona 1,015 Dodoma jua siyo yenyewe. (Ile sahani yetu ya alfa haihitaji marekebisho haya, maana alfa ikiishia ndani ya chemba inaacha nishati yake yote hata hewa iwe nyepesi, inasafiri mbali kidogo tu. Gama ndo inahitaji.)

Kingine ni vumbi. Hapa miezi saba nane hakuna mvua, vumbi jekundu linajikusanya kwenye kihami kinachoshika waya, halitusumbui likiwa kavu, halafu Desemba mvua ya kwanza inanyesha, lile vumbi linanyonya unyevu na mkondo unaanza kuvuja. Dalili yake ni kwamba ukiondoa chanzo elektromita bado inasoma, na inavyosoma inaongezeka ukiongeza volteji kwa mstari ulionyooka. Mkondo wa mionzi unalala, wa uvujaji haulali, hivyo ndo unavyovitofautisha. Safisha kihami kwa spiriti safi, kiache kikauke kabisa.

Hatua ya pili: eneo la uwiano, pale waya mwembamba unapoanza kazi

Ongeza volteji zaidi kwenye chemba ya sahani mbili bapa, hutapata kitu kipya kwa muda mrefu. Lakini ukiwa na tyubu ya duara yenye waya mwembamba katikati mambo yanabadilika, kwa sababu uga wa umeme wote umejazana karibu na waya:

```
E = V / (r * ln(b/a))
```

Hapo a ni nusu kipenyo cha waya, b ni cha tyubu, r ni umbali kutoka katikati ya waya. Waya wa kipenyo cha milimita 0.05 ndani ya tyubu ya milimita 20, volti 1,000: kwenye ngozi ya waya unapata volti milioni 6.7 kwa mita. Sahani mbili zilizoachana milimita 10 kwa volti hizo hizo zingekupa laki moja tu. Elektroni kwenye gesi ya presha ya kawaida inaanza kugonga na kutoa wenzake uga ukifika kama volti milioni moja kwa mita, na ukipiga hesabu hiyo inatokea ndani ya milimita 0.17 kutoka katikati ya waya. Basi. Tyubu nzima ni njia ya kufikia tu, poromoko lenyewe la elektroni linafanyika pale kwenye unywele.

Hilo lina faida kubwa, kwamba popote chembe ilipopita, elektroni zake zote zinapita kwenye kilima kile kile kifupi na zinazidishwa sawa. Ukizidisha mara 1,000, alfa inabaki kubwa na beta inabaki ndogo, uwiano unatunzwa, ndo maana ya jina. Na beta yetu ya jozi 100 sasa ina elektroni 100,000, kwenye zile pikofaradi 20 ni kama millivolti 0.8. Umeshaona, beta imefika pale alfa ilipokuwa bila kuzidishwa, na amplifaya ya kawaida inaiona.

Kinachofuata ndo kizuri. Chukua kaunta ya uwiano ya gesi inayotiririka, gesi ya argoni asilimia 90 na methani asilimia 10, weka chanzo kinachotoa alfa na beta, panda volteji ukihesabu kila hatua. Kwanza kimya. Halafu alfa zinaanza kuvuka kizingiti cha kaunta, yaani mpigo mdogo kabisa inaoweza kuuhesabu, hesabu inapanda, inalala, hiyo ni tambarare ya kwanza, unahesabu alfa peke yake wakati beta zipo hapo hapo zinapita hazionekani. Ongeza tena, beta nazo zinavuka kizingiti, hesabu inapanda mara ya pili na kulala, tambarare ya pili, sasa unahesabu zote. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata beta. Tyubu moja na chanzo kile kile, volteji tu ndo imetenganisha.

Bei yake ni kwamba volteji lazima itulie. Asilimia moja ya volteji inaweza kukubadilishia ukubwa wa mpigo kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo pawasapulai ya kuungaunga haifai. Na urefu wetu juu ya bahari unaingia tena: gesi inayotiririka inatokea nje kwenye hewa, presha yake ni ya Dodoma, elektroni inapata mwendo mrefu zaidi kati ya mgongano na mgongano, kwa volteji ile ile poromoko linakuwa kubwa zaidi. Ndo maana ukipewa karatasi ya volteji kutoka maabara ya Dar es Salaam, tambarare zako zitaanza chini ya zile zilizoandikwa. Usiinakili, ichore ya kwako.

Juu kidogo ya hapo uwiano unaanza kuharibika, ayoni chanya zinajaa karibu na waya zinapunguza uga, mpigo mkubwa unabanwa kuliko mdogo. Hakuna anayefanya kazi makusudi hapo, tupande.

Hatua ya tatu: Geiger, na jinsi ya kuchora tambarare

Ukipanda zaidi, kila poromoko linatoa mwanga wa urujuanimno, mwanga huo unagonga gesi jirani na kuanzisha poromoko lingine, na lingine, mpaka waya wote toka mwanzo mpaka mwisho umefunikwa. Kinachousimamisha ni ule ukuta wa ayoni chanya, nzito, zisizokimbia, zinazozunguka waya na kupunguza uga. Kwa kuwa kila mara waya wote umefunikwa, alfa iliyoleta jozi laki na beta iliyoleta jozi moja zinatoa mpigo sawa kabisa, na mpigo ni mkubwa, volti nzima nzima, unaweza kuusikia kwenye spika bila amplifaya ya maana. Geiger na mwanafunzi wake Müller waliifikisha hapo 1928.

Ayoni zikifika ukutani zinaweza kuchomoa elektroni na kuwasha moto upya, kwa hiyo ndani huwa kuna gesi ya kuzimia, ya pombe au ya halojeni kama bromini. Ya pombe inavunjika kidogo kila mpigo na inaisha, tyubu kama hiyo ina maisha ya mapigo kama bilioni moja. Ya halojeni inaungana tena yenyewe. Hii ya kijana wetu ni ya pombe, kumbuka hilo.

Sasa kuchora.

Weka chanzo mahali pasipotikisika, ukishakiweka usikiguse mpaka mwisho, tumia gundi ya karatasi kama meza inayumba. Umbali uchague ili upate mapigo kama 100 hivi kwa sekunde. Kama huna chanzo chenye kibali, nenda duka la pembejeo nunua kilo ya mbolea ya potashi, ile MOP, nusu ya uzito wake ni potasiamu na kila gramu ya potasiamu asilia ina mionzi 31 hivi kwa sekunde, kilo nzima inapita 15,000 kidogo. Beta nyingi zinafia ndani ya mbolea yenyewe kwa hiyo utapata hesabu ndogo na itabidi kila hatua uhesabu dakika 10 badala ya moja, lakini tambarare inachoreka. Dirisha la ulanga la tyubu usiliguse na mbolea wala kidole, likipasuka habari imeisha.

Kebo ya volteji ya juu chomeka mashine ikiwa imezimwa. Ikizimwa baada ya kazi rudisha nobu sifuri na usubiri dakika moja kabla hujachomoa, kapasita za ndani zinakumbuka.

Panda taratibu mpaka usikie mlio wa kwanza, halafu shuka kidogo, na kuanzia hapo panda volti 20 kila mara, hesabu sekunde 60 kila hatua. Hii ndo yetu, ya tyubu hiyo hiyo ya kijana baada ya kuipumzisha usiku mzima, ila kati ya 820 na 900 tuliruka 40:

```
  V     hesabu/60 s
 640        0
 660      212
 680     3940
 700     6870
 720     7410
 740     7520
 760     7590
 780     7560
 800     7640
 820     7690
 860     7770
 900     7850
 920     7905
 940     8120
 960     8790   simama
```

Angalia 640, sifuri. Wanafunzi wanaandika "tyubu haifanyi kazi chini ya 640". Si kweli, inafanya, ipo kwenye eneo la uwiano na inatoa mapigo madogo ambayo kizingiti cha kaunta hakiyaoni. Ule mchoro maarufu wa vitabuni wenye maeneo sita unaonyesha ukubwa wa mpigo, wako unaonyesha idadi ya mapigo, ni michoro miwili tofauti, na mwanzo wa kuhesabu unategemea kizingiti cha kaunta yako pia. Ukibadilisha kaunta, 660 inaweza kuwa 680 na tyubu haina kosa.

Halafu 780, hesabu imeshuka kutoka 7,590 hadi 7,560. Kijana akashtuka, akataka kurudia kila kitu. Nikamwambia tafuta kipeuo cha pili cha 7,560, ni 87. Hesabu ya mionzi inacheza yenyewe kwa kiasi hicho juu na chini, tofauti ya 30 haina maana yoyote. Tofauti ya 670 kati ya 940 na 960 ndo ina maana, hiyo ni karibu mara nane ya mchezo wa kawaida, ndo maana tukasimama hapo hapo. Sheria ninayotumia: hatua moja ikiongeza zaidi ya asilimia tatu baada ya tambarare kulala, teremsha nobu, usiseme "ngoja nione moja zaidi". Kila sekunde unayokaa huko juu unachoma pombe.

Hatua ya nne: mteremko na mahali pa kusimama

Tambarare yetu naihesabu kutoka 740 mpaka 920, urefu volti 180. Ongezeko ni 7,905 kutoa 7,520, yaani 385. Wastani wa hizo mbili ni 7,712. Gawanya unapata asilimia 5.0 kwa volti 180, sawa na asilimia 2.8 kwa kila volti 100. Tyubu nzuri ya pombe iko hapo hapo, ya halojeni huwa na mteremko mkali zaidi. Ikipita asilimia 10 kwa volti 100 usiitumie kwa vipimo, itumie kuonyesha mlio.

Kusimama, chukua theluthi ya urefu kutoka chini, 740 na 60, unapata 800. Wengine wanaweka katikati, si dhambi, ila mimi nabaki chini maana umeme wa huku ukicheza volti kumi juu au chini hapo 800 hesabu inabadilika kwa asilimia 0.3 tu, na poromoko ni dogo kuliko la 900 kwa hiyo gesi inadumu. Pale 700, volti kumi zile zile zingekubadilishia mamia.

Na hapo tulipo bado kuna mapigo yanayopotea. Wakati zile ayoni zinatambaa kwenda ukutani tyubu ni kiziwi, kwa hii yetu kama mikrosekunde 100. Kwa mapigo 127 kwa sekunde unapoteza asilimia 1.3, achana nayo. Ila ukisogeza chanzo mpaka usome 3,000 kwa sekunde:

```
n = m / (1 - m*t)
n = 3000 / (1 - 3000*0.0001) = 4286
```

Robo na ushee imepotea na mashine haijakuambia. Ikizidi sana baadhi ya kaunta zinashuka mpaka sifuri kabisa, mtu kasimama mbele ya chanzo kikali mita imenyamaza anadhani pako salama. Kwa hiyo unapoingia mahali usipopajua washa mita ukiwa bado mbali uangalie inavyopanda, na kama kuna uwezekano wa mionzi mikali rudi kwenye chemba ya ayoni, yenyewe haina uziwi wa namna hiyo. Vijana wanaokwenda kuzunguka na kaunta kwenye miamba ya Bahi na Manyoni kulikotafutwa urani hawatakutana na hilo kwenye mawe, ila kwenye ghala la vyanzo au chumba cha eksrei ya viwandani linatokea.

Juu ya hapo: inapopiga yenyewe

Kuanzia 940 kwa tyubu hii gesi ya kuzimia haiwezi tena kumaliza kazi, mpigo mmoja unazaa wa pili bila chembe yoyote kupita. Ukifika 1,050 unajizalisha mfululizo. Njia ya kujua ni rahisi: ondoa chanzo. Kwenye 800 bila chanzo sisi tunapata 28 hadi 35 kwa dakika, hiyo ni miamba, kuta na anga. Ukiondoa chanzo ikabaki maelfu, basi hakuna mionzi unayohesabu, unahesabu tyubu inavyoungua. Kabla ya kuihukumu funika na kitambaa cheusi kwanza, maana tyubu yenye dirisha jua la saa nane la Dodoma likiipiga moja kwa moja inaweza kuongeza mapigo ya mwanga, nayo ni nzima.

Ya kijana tulifunika, haikubadilika kitu. Nikatoa daftari la mwaka jana: tambarare yake ilikuwa 740 mpaka 980, mteremko asilimia 1.9. Sasa inaishia 920 na ni 2.8. Volti 60 zimekwenda, na kwa tyubu ya pombe hazirudi. Bado inafaa, kwa hiyo nikakata kipande cha plasta, nikaandika "800, MWISHO 920" na tarehe, nikabandika pembeni ya nobu. Kijana akaweka chanzo, akahesabu dakika moja, 7,655, akakunja uso.

"Mwalimu mbona jana ilikuwa inanipa zaidi ya elfu ishirini?"